Fei Toto Alilipa, Mbona Hakuondoka?

Katika saluni moja ya kinyozi kwenye mtaa wa Jules hapa Malvern, mabishano ya mpira hayaishi. Wateja wengi ni Wakongo wa mashariki na Watanzania, na Kiswahili kinachosikika humo ni cha Bukavu na cha Temeke kwa pamoja. Jumamosi moja mada ilikuwa Feisal Salum, yaani Fei Toto. Mtu mmoja akauliza swali ambalo nusu ya saluni ilidai kulijua jibu lake, na kila mmoja akatoa jibu tofauti: "Kijana alilipa hela yote iliyoandikwa kwenye mkataba. Mbona Yanga walimkatalia?"

Kijana aliyekuwa kwenye kiti, kichwa kikiwa nusu kimenyolewa, alikuwa akisikiliza kwa makini kuliko wote. Anachezea timu ya mtaani, na siku chache kabla alikuwa ameletewa karatasi ya kusaini na mtu aliyejiita wakala. Alituonyesha picha yake kwenye simu. Sentensi moja ilisema kwamba mchezaji akivunja mkataba kabla ya muda atalipa rand 50,000. "Kwa hiyo nikipata timu kubwa," akasema, "nalipa elfu hamsini, naondoka."

Sivyo, au angalau si lazima iwe hivyo. Sababu ni ileile iliyomkwamisha Fei Toto. Lakini ili ieleweke, tuanze na kitu ambacho magazeti ya michezo hukiruka kwa kudhani kila mtu anakijua.

Mchezaji wa kulipwa amefungwa na klabu kwa vitu viwili, si kimoja. Cha kwanza ni mkataba. Huo ni wa ajira kama ajira nyingine: nani anamlipa, kiasi gani, na mpaka lini. Cha pili ni usajili. Huo ni kumbukumbu iliyoko kwenye shirikisho au ligi, inayosema mchezaji huyu anaruhusiwa kuvaa jezi ya klabu fulani katika mechi rasmi. Mkataba unahusu mshahara, usajili unahusu uwanja. Mtu anaweza kuwa na mkataba na klabu halafu asiruhusiwe kuichezea, na anaweza kuichezea klabu moja huku mkataba wake mkuu uko kwingine. Ukivishika vitu hivi viwili kwa mikono miwili tofauti, habari zote za dirisha, mkopo na vifungu vya kuondoka zinafunguka.

Tuanze na dirisha. Dirisha la usajili ni kipindi ambacho shirikisho linapokea usajili mpya. Kila nchi hujipangia tarehe zake ndani ya mipaka ya FIFA, na kwa kawaida yako mawili kwa msimu: dirisha kubwa kabla ligi haijaanza au inapoanza, na dirisha dogo katikati ya msimu. Linapofungwa, kinachofungwa ni usajili. Hakuna sheria inayozuia klabu na mchezaji kukaa mezani Novemba na kusaini karatasi. Hata mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kwenye mkataba wake anaruhusiwa kusaini mapema na klabu nyingine, akahamia mkataba wa zamani ukiisha. Asichoweza ni kuingia uwanjani na jezi mpya kabla usajili wake haujapita.

Tangu 2010, uhamisho wa wachezaji wa kulipwa kutoka nchi moja kwenda nyingine hupitia mfumo wa kompyuta wa FIFA unaoitwa TMS. Klabu zote mbili huingiza taarifa zao, na taarifa hizo lazima zilingane. Kisha shirikisho la nchi anakokwenda huomba cheti cha uhamisho wa kimataifa, ITC, kutoka shirikisho la nchi anakotoka. Mwaka 2017 Leicester City ya Uingereza ilikubaliana na Sporting ya Ureno kumnunua kiungo Adrien Silva siku ya mwisho ya dirisha. Makubaliano yalikuwepo, lakini taarifa zilikamilika zikiwa zimechelewa kwa sekunde 14. FIFA ikakataa. Silva alibaki Leicester akifanya mazoezi na wenzake, lakini hakucheza mechi hata moja ya ligi hadi dirisha la Januari 2018. Alikuwa na mkataba, usajili hakuwa nao.

Hapa Johannesburg tuna mfano ulio karibu zaidi, na mashabiki wa Simba wanaukumbuka kwa uchungu. Mwaka 2018 Kaizer Chiefs ilimsajili kiungo wa Madagaska, Andrianarimanana, anayejulikana zaidi kwa jina la Dax. Klabu yake ya nyumbani, Fosa Juniors, ikalalamika FIFA kwamba kijana bado alikuwa na mkataba nao. FIFA ikakubaliana nao. Mwaka 2020 Dax akafungiwa miezi minne, na Chiefs wakazuiwa kusajili kwa madirisha mawili mfululizo. Walikata rufaa katika mahakama ya michezo, CAS, na rufaa ikagonga mwamba.

Angalia adhabu hiyo inavyofanya kazi. Chiefs hawakunyang'anywa pointi wala kushushwa daraja. Walifungiwa dirisha tu, basi. Msimu mzima wa 2020/21 walicheza na watu waliokuwa nao na vijana waliopandishwa kutoka ndani ya klabu. Ni kikosi hichohicho kilichoifunga Simba 4-0 kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mei 15, 2021, katika uwanja wa FNB. Wiki moja baadaye Simba walishinda 3-0 Dar es Salaam na bado wakatoka kwa jumla ya 4-3. Chiefs wakafika hadi fainali, ambako Al Ahly iliwafunga 3-0 mjini Casablanca. Kwa hiyo ukisikia klabu imefungiwa kusajili, usidhani imekufa. Ila mchezaji akiumia au kocha akikosa straika, hakuna pa kukimbilia.

Kuna mlango mmoja mdogo pembeni ya dirisha. Mchezaji ambaye mkataba wake uliisha kabla dirisha halijafungwa ni mchezaji huru, na kanuni za FIFA zinaruhusu asajiliwe hata baada ya dirisha kufungwa. Ndiyo maana utaona klabu ikitangaza mtu mpya wakati ambapo kila mmoja alidhani biashara imekwisha. Wala si upendeleo. Hakuna klabu inayompoteza katikati ya msimu, na dirisha limewekwa hasa kuzuia klabu zisinyang'anyane wachezaji ligi ikiendelea.

Sasa twende kwenye mkopo. Mchezaji akienda kwa mkopo, usajili wake unahamia klabu mpya kwa muda, lakini mkataba wake na klabu mama haufi. Unalala tu, ukisubiri arudi. Ndani ya muda huo anaichezea klabu iliyomkopa. Suala la nani anamlipa ni la makubaliano. Tuseme kwa mfano mchezaji analipwa rand 60,000 kwa mwezi. Klabu inayomkopa inaweza kubeba zote, au ikabeba 40,000 na klabu mama ikaongeza 20,000. Klabu mama inaweza kukubali hasara hiyo kwa sababu mchezaji anayekaa benchi hupoteza thamani, na anayecheza kila wiki hubaki sokoni.

Mbwana Samatta ametufundisha aina za mkopo kuliko kitabu chochote. Januari 2020 alinunuliwa na Aston Villa kutoka Genk ya Ubelgiji, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Huo ulikuwa ununuzi kamili: mkataba na usajili vyote vilihama, katika dirisha dogo. Miezi minane baadaye, Septemba 2020, akaenda Fenerbahce ya Uturuki. Magazeti mengi yaliandika kwamba ni mkopo, na mashabiki wengi wakaamini atarudi Villa. Lakini ulikuwa mkopo wenye sharti la kununua. Maana yake Fenerbahce walikuwa wamejifunga tangu siku ya kwanza kwamba msimu ukiisha watamchukua moja kwa moja. Kwa macho ya mtaani huko ni kununua kwa kuchelewesha malipo. Klabu inapata mchezaji leo, na bei inaingia kwenye vitabu vya mwaka unaofuata.

Mkopo wa sharti una ndugu yake anayefanana naye sana, nao ni mkopo wenye hiari ya kununua. Hapa bei inaandikwa mapema, lakini klabu inayokopa inaamua yenyewe mwisho wa msimu. Ikimpenda italipa, isipompenda itamrudisha. Tofauti ya neno moja, sharti au hiari, ndiyo inayoamua hatima ya mchezaji. Baada ya kuwa mali ya Fenerbahce, Samatta alipelekwa kwa mkopo Antwerp msimu wa 2021/22, kisha Genk msimu uliofuata. Klabu zote mbili hazikumbakiza. Kila mara alirudi Uturuki kwenye mkataba uliokuwa umelala, hadi 2023 alipohamia PAOK ya Ugiriki. Hakufukuzwa na mtu, na hakuna aliyevunja mkataba. Usajili ulikwenda na kurudi, mkataba ukabaki palepale.

Mara nyingine mkopo hauna uhusiano wowote na kiwango cha mchezaji. Percy Tau wa Afrika Kusini alinunuliwa na Brighton kutoka Mamelodi Sundowns mwaka 2018, lakini hakupata kibali cha kufanya kazi Uingereza. Mkataba alikuwa nao, ila hakuweza kusajiliwa huko. Brighton wakampeleka Ubelgiji kwa mkopo misimu mitatu katika klabu tatu: Union Saint-Gilloise, Club Brugge na Anderlecht. Alipata kibali na kuitwa arudi Januari 2021. Aliyetazama orodha ya klabu zake angedhani ni mtu asiyetulia, kumbe alikuwa anasubiri karatasi ya uhamiaji. Sisi wa Malvern tunaijua foleni ya namna hiyo bila kufundishwa.

Biashara ya mikopo ilizidi kiasi. Klabu tajiri zilikuwa na wachezaji wengi waliozungushwa nchi kwa nchi mwaka hadi mwaka. Kuanzia Julai 2022 FIFA ikaweka mipaka kwa mikopo ya kimataifa. Mkopo mmoja hauzidi mwaka, mchezaji aliyekopwa hawezi kukopeshwa tena kwa klabu ya tatu, na idadi ya wanaotoka na wanaoingia ina ukomo, ambao umekuwa ukipunguzwa hatua kwa hatua hadi sita kila upande. Vijana wa hadi miaka 21 waliolelewa na klabu yenyewe hawahesabiwi.

Hapo tumefika kwenye kifungu cha kuondoka, na kwenye swali la saluni. Tatizo ni kwamba watu huita vitu vitatu kwa jina moja.

Cha kwanza ni kifungu cha bei. Kinasema: klabu nyingine ikileta kiasi fulani, klabu yangu lazima iruhusu nizungumze nayo na niondoke. Hapo klabu haina tena haki ya kusema hapana. Bado mchezaji mwenyewe lazima akubali, na bado dirisha lazima liwe wazi.

Cha pili ni kujinunua. Kinampa mchezaji mwenyewe haki ya kuweka fedha mezani na kuumaliza mkataba. Hispania imezoea jambo hili kwa sababu sheria yake ya mwaka 1985 ya ajira za wanamichezo inamruhusu mchezaji kuuvunja mkataba kwa kulipa fidia. Ndivyo alivyoondoka Neymar Agosti 2017. Barcelona hawakutaka kumuuza, lakini kiwango kilichoandikwa kilikuwa euro milioni 222. Ligi ya Hispania ilikataa kupokea fedha hizo, mawakili wake wakazipeleka kwa Barcelona wenyewe, na kijana akaenda Paris. Klabu ilinuna, ila haikuwa na la kufanya.

Cha tatu ni fidia ya kuvunja mkataba. Hiki hakimpi mtu haki ya kuondoka. Kinataja tu gharama ikitokea mmoja wao amevunja ahadi. Fikiria mkataba wa nyumba unaosema mpangaji akivunja dirisha atalipa rand 2,000. Haimaanishi kwamba ukimpa mwenye nyumba rand 2,000 unaruhusiwa kuvunja dirisha. Maana yake ni kwamba ukilivunja, deni lako linajulikana.

Sasa rudi Desemba 2022. Dirisha dogo la Tanzania lilikuwa wazi. Fei Toto alikuwa na mkataba na Yanga hadi 2024. Kama ilivyoripotiwa wakati huo, mkataba ulitaja shilingi milioni 100 pamoja na mishahara ya miezi mitatu kwa upande utakaouvunja. Mshahara wake uliripotiwa kuwa milioni 4 kwa mwezi, kwa hiyo milioni 12, na jumla milioni 112. Akaweka fedha hizo kwenye akaunti ya klabu na kuandika barua ya kuaga. Yanga wakazikataa na kwenda TFF. Januari 2023 kamati ya shirikisho inayohusika na hadhi za wachezaji ikaamua kwamba Feisal bado ni mchezaji wa Yanga. Aliomba uamuzi upitiwe upya, akashindwa tena.

Ukitazama kwa macho ya vifungu vitatu, ugomvi unaonekana wazi. Fei alikisoma kifungu chake kama kujinunua: nimelipa, niko huru. Yanga walikisoma kama fidia: hiyo ni gharama ya kosa, wala hatujakupa ruhusa ya kulitenda. Mpira una sababu ya kuegemea upande wa klabu katika mabishano ya namna hii. Kanuni za FIFA zinasema mkataba huisha kwa muda wake, kwa makubaliano ya pande zote mbili, au kwa sababu ya msingi, kama vile mchezaji kutolipwa mshahara. Anayeuvunja bila sababu hulipa fidia, na akifanya hivyo ndani ya kipindi cha ulinzi anaweza kufungiwa miezi minne. Kipindi hicho ni miaka mitatu kwa aliyesaini kabla ya kufikisha miaka 28, na miwili kwa aliyesaini baadaye. Miezi minne hiyo ndiyo iliyompata Dax.

Na tazama hasara ilivyo. Kwa miezi sita Fei alikuwa na mkataba asioutaka na usajili ambao hakuna mwingine angeweza kuuchukua. Hakucheza tena mechi ya Yanga, katika msimu ambao wenzake walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mapema Juni 2023, kwenye hafla ya Ikulu ya kuipongeza Yanga, Rais Samia Suluhu Hassan aliutaka uongozi uumalize ugomvi huo. Siku chache baadaye Yanga wakatangaza kumuuza Azam FC. Hatimaye alitoka kwa mlango wa makubaliano, ambao haujali kifungu kimeandikwaje.

Kijana wa saluni alipomaliza kunyolewa, tuliisoma tena ile karatasi yake pale kwenye simu, safari hii polepole. Sentensi ya rand 50,000 haikusema popote kwamba akilipa mkataba umekwisha. Haikusema klabu lazima iukubali malipo hayo, wala kwamba itatoa barua ya kumwachia. Haikutaja hata kwamba klabu nayo ingemlipa ikimkatisha yeye. Ilikuwa fidia tupu, na ya upande mmoja. Na chini yake, kwa herufi ndogo, mkataba ulikuwa wa miaka mitano.

Tulimwambia asisaini kabla hajaandikiwa sentensi moja zaidi: kwamba klabu yoyote ikileta kiasi kilichotajwa, au yeye mwenyewe akikilipa, mkataba utakuwa umekwisha siku hiyo na klabu itatoa barua ya kumruhusu asajiliwe kwingine. Wakala akikataa kuiandika, atakuwa amejibu swali tayari. Na hata akikubali, karatasi ipelekwe kwanza kwa chama cha wachezaji cha hapa, SAFPU, au kwa mwanasheria, kwa sababu kinyozi na wateja wake si mahakama.

"Kwa hiyo Fei alikosea?" akauliza yule aliyeanzisha mabishano.

Mzee mmoja wa Uvira, ambaye alikuwa kimya muda wote nyuma ya gazeti, akajibu bila kuinua macho: "Hakukosea kutaka kuondoka, mwanangu. Alilipia mlango ambao hakuna aliyeujenga."